Karanga za Dodoma, njugu za Unguja: mtafsiri anamwandikia nani?

Kila mara watafsiri wakikutana, mtandaoni au hata kwenye korido za semina, ugomvi ni ule ule. Mmoja anasema skuli, mwingine shule, wa tatu anatoa kamusi, wa nne anakumbusha kwamba Kiswahili kimezaliwa mwambao kwahiyo watu wa bara wanyamaze wafundishwe. Mi naona huo ugomvi ni mtamu lakini kwa mtu mwenye kazi mezani haumsaidii kitu, kwasababu swali lake si neno lipi ni sahihi, swali lake ni huyu atakayelisoma hili karatasi anakaa wapi na akishasoma atafanya nini.

Tena hata hiyo hoja ya chimbuko inajikanyaga yenyewe. Mwaka 1928 pale Mombasa ndo ilikubaliwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia huo usanifishaji kwa nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Mwingereza. Sasa mtu angetegemea msomaji wa Unguja awe ndo wa kwanza kujiona kwenye maandishi sanifu. Wapi! Sanifu ikaenda kukulia madarasani na kwenye magazeti, mengi ya bara, ikaokota maneno yake huko, na leo mama wa Unguja anasema tungule na mbatata nyumbani kwake halafu kitabu kinamwandikia nyanya na viazi mviringo. Kwahiyo ukisema "nimetumia sanifu, na sanifu ni Kiunguja, basi Unguja nimeshamaliza" umejidanganya mchana kweupe.

Kingine, huu mstari wa pwani na bara tunaouchora sio mstari wa ramani. Dar es Salaam iko baharini kabisa lakini maneno yake ya jikoni na ya ofisini ni ya bara. Mombasa na Unguja zote ni pwani lakini ziko nchi mbili tofauti, zina serikali tofauti, na hata majina ya vitu hayafanani yote. Nairobi na Mwanza zote ni bara, ila mtu wa Mwanza akisikia bibi anamuona bibi aliyemzaa mama yake, wa Nairobi anamuona mke wa mtu. Kwahiyo kwa kazi za kawaida mi nagawa wasomaji mafungu manne, yaani Tanzania bara pamoja na Dar, Unguja na Pemba, pwani ya Kenya, na Kenya bara. Kongo siigusi hapa, Kiswahili cha Goma na Lubumbashi kimepita njia yake na kinataka mtafsiri wake wa hukohuko, sio mtu wa Dar abadilishe maneno mawili matatu aite ni toleo la Kongo.

Tuchukue kitu kimoja tukipitie. Kipeperushi cha lishe ya mtoto aliyefikisha miezi 6, kile kipindi maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena, na kwa nyuma kina kona ndogo ya mtoto anayehara. Rasimu ya kwanza imeandikwa kwa msomaji wa Tanzania bara na ina maelezo kama haya:

"Menya viazi mviringo viwili, vikate vidogovidogo, vichemshe mpaka vilainike, kisha viponde. Ongeza kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa na nyanya moja iliyoiva. Mtoto akihara, changanya pakiti ya ORS ya lita moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, mpe kidogokidogo. Mpe pia kidonge cha zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14. Mweleze bibi yake asimpe mtoto dawa za kienyeji. Ukikosa usafiri wa kwenda zahanati, mwone mwenyekiti wa mtaa."

Hapo kuna maneno kama saba hivi ambayo mtu mwenye haraka atayabadilisha yote akienda Unguja au Mombasa au Nakuru, na mwingine mvivu hatabadilisha hata moja. Wote wawili wamekosea.

Anza na kuhara. Kenya utasikia mtoto anaendesha, Zanzibar na bara utasikia anaharisha, na hata bara wapo wanaosema tumbo la kuendesha. Lakini kuhara linaeleweka kote, hakuna anayelichukulia kuwa ni kitu kingine, basi liache. Kidonge nacho hivohivo. Najua Kenya darasani na kwenye taarifa ya habari neno ni tembe, na wapo watafsiri wakiona kazi ya Kenya tu wanakimbilia tembe ili waonekane wanaijua Kenya, ila Mkenya akisoma vidonge anajua ni dawa. Kinyume chake ndo balaa, tembe ikitoka Kenya ikaingia Dodoma inakuwa ni nyumba, ile ya Wagogo ya paa la udongo lililo bapa. Sasa mpe mtoto tembe moja kila siku kwa siku kumi, jamani.

Kwahiyo kanuni yangu ya kwanza ni hiyo, likiwepo neno moja linaloingia kote bila kupotosha, lichukue hilo hata kama sio ambalo watu wa pale wanalipenda zaidi. Kila neno unalobadilisha ni sehemu nyingine ya kukosea, na ni sehemu nyingine ya kukumbuka siku kipeperushi kitakapofanyiwa marekebisho.

Viazi ni habari tofauti kidogo. Bara ukisema viazi mviringo umemaliza, wengine wanaviita viazi ulaya na hakuna shida. Kenya bara viazi tu inatosha, sokoni wataita waru lakini kwenye maandishi viazi haimchanganyi mtu. Unguja mbatata ni mbatata na viazi ni viazi, yaani ukiandika viazi bila kuongeza kitu wengi watafikiria viazi vitamu kwanza. Ukiandika viazi mviringo watakuelewa, maana shuleni wamelisoma, ila wakati wa kulielewa wanapita kwenye kichwa wanajitafsiria, na kipeperushi kinachosomwa na mama amembeba mtoto hakitakiwi kumpa hiyo kazi. Hapo nabadilisha, naandika mbatata. Na kabla hujaona kwamba mbatata ni neno zuri basi lipelekwe kote, kumbuka ukivuka mpaka wa Songwe kuingia Malawi mbatata kwa Kichewa ndo kiazi kitamu chenyewe.

Karanga sasa. Hili ndo neno ninalolihofia kuliko yote humu kwenye hiki kipeperushi, kwasababu linakosewa kimyakimya. Bara la Tanzania karanga ni karanga, zile za kukaanga na za kusaga, na njugu ni njugu mawe, zile za duara ngumu zinazolimwa sana huko Dodoma na Singida. Zanzibar njugu ndo karanga zenyewe, na mtu akitaka kuzitenganisha anasema njugu nyasa na njugu mawe. Kenya nako njugu ndo karanga, wengi wanasema njugu karanga kwa pamoja, na karanga peke yake inaweza pia kumpeleka mtu kwenye nyama ya kukaangwa na nyanya na vitunguu.

Fikiria sasa toleo la Unguja linalosema ongeza kijiko kimoja cha njugu zilizosagwa. Zuri kabisa, mama wa Unguja anaelewa. Halafu yale makaratasi yakabaki, mtu akaona ni hasara kuyatupa, yakapakiwa kwenda Kongwa, kule Dodoma. Mama wa Kongwa anasoma njugu, anazo ndani, anachukua njugu mawe anasaga. Hakuna aliyeuliza swali, hakuna aliyecheka, kipeperushi kimeeleweka vizuri sana ila kimeeleweka kitu kingine. Njugu mawe sio sumu, ni chakula kizuri tu, lakini mafuta yake ni machache mno ukilinganisha na karanga, na yule aliyeandika kijiko kimoja cha karanga alikuwa anayatafuta yale mafuta kwasababu tumbo la mtoto ni dogo na uji peke yake haumshibishi nguvu. Na kama ni karatasi inayomtahadharisha mzazi ambaye mtoto wake anadhurika na karanga, ndo kabisa, umemwambia akwepe kitu kingine kisichohusika.

Kwahiyo kwenye neno kama hili natofautisha bila huruma. Bara naandika karanga, Zanzibar njugu nyasa, Kenya njugu karanga. Sijali kama kamusi inasema yote ni yaleyale.

Nyanya na bibi wanakuja kwa pamoja maana wana undugu wa ajabu. Nyanya kwa Tanzania ni ya kwenye mchuzi tu. Kenya nyanya ni ya kwenye mchuzi na pia ni mama yake mama yako. Unguja ya kwenye mchuzi wanaiita tungule. Bibi kwa Tanzania na Zanzibar ni huyo mama yake mama au mama yake baba, Kenya bara kwa mazungumzo ya kawaida bibi ni mke. Ile sentensi yetu ya mweleze bibi yake asimpe mtoto dawa za kienyeji, ikifika Kenya bila kuguswa inayumba, msomaji anajiuliza bibi wa nani tena, mtoto wa miezi 6 ana bibi? Huyu angalau atashtuka. Lakini ungeandika tu mweleze bibi asimpe mtoto dawa, baba wa Nakuru angesoma kwamba amkanye mkewe, na nyumbani pakawaka moto kwasababu ya mtafsiri. Kenya naandika nyanya yake, na ile yake haitoki, ndo inayomtenganisha na nyanya ya kwenye sufuria.

Mwenyekiti wa mtaa ni jambo jingine kabisa na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Unguja na Pemba hakuna huyo mtu, kuna sheha na shehia yake. Kenya kuna chifu na naibu wake. Hawa sio maneno matatu ya kitu kimoja, ni vyeo vitatu tofauti, kila kimoja na namna yake ya kupatikana na kazi zake. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa kwa kura, sheha na chifu wanawekwa na serikali. Kwahiyo hapa usikae unatafuta neno, tafuta nani kweli kwenye hiyo sehemu anaweza kumsaidia mama kupata usafiri, muulize aliyekupa kazi, na inawezekana jibu likawa sio sheha wala chifu bali ni mhudumu wa afya wa jamii. Huo ni uamuzi wa mwenye mradi, mtafsiri akiubeba peke yake anabuni sera ya afya bila kujua.

Shule na skuli ningeiweka hapohapo kwenye mambo ya ofisi. Kila Mzanzibari anaelewa shule, ila kibao cha pale kimeandikwa skuli, fomu zimeandikwa skuli, serikali yake inaandika skuli. Ukimwandikia shule kwenye fomu ya kumwandikisha mtoto anaona hii fomu imetoka upande wa pili. Na kubadilisha hakuna gharama, ngeli ni ileile, shule yake inakuwa skuli yake na sentensi haitikisiki. Kenya shule inabaki shule ila ya sekondari kwa muda mrefu imeandikwa ya upili, hiyo nayo ifuate.

Nimesema ngeli, basi niseme na hili maana ndo linalovunja kazi nyingi. Watu wanafungua faili kwenye kompyuta, wanabonyeza tafuta na ubadilishe, viazi mviringo kwenda mbatata, badilisha zote, asante, tumemaliza. Matokeo yake ni menya mbatata viwili, vikate vidogovidogo, vichemshe mpaka vilainike. Viazi ni ki-vi, mbatata ni i-zi, kwahiyo sentensi nzima inatakiwa igeuke: menya mbatata mbili, zikate ndogondogo, zichemshe mpaka zilainike, kisha ziponde. Neno moja limebadilika lakini sehemu sita zimeguswa. Uzuri wa kosa hili ni kwamba linapiga kelele, msomaji wa kwanza wa prufu atalikamata. Karanga na njugu zote ni i-zi, hapo badilisha zote inapita laini kabisa, sarufi iko safi, na ndo maana nimesema ninalihofia.

Kuna na vichekesho vyake. Ukibadilisha tembe kwenda vidonge bila kuangalia, popote palipoandikwa kutembea panakuwa kuvidongea. Na ukitengeneza toleo la Unguja kwa kutumia toleo la Kenya, badala ya kurudi kwenye rasimu ya kwanza, ile nyanya yake ya mtoto inageuka tungule yake, na tungule anaambiwa asitoe dawa za kienyeji. Kwahiyo kila toleo litoke kwenye rasimu mama, hata siku moja usitoe toleo kutoka toleo. Kwenye mafaili ya programu za simu na tovuti kuna alama za sw-TZ na sw-KE, hizo zinatosha kwa nchi mbili, lakini Zanzibar iko ndani ya TZ haina alama yake, utalazimika kuongezea mwenyewe kitu kama sw-TZ-x-unguja na kumwambia fundi aijue, la sivyo simu itamletea msomaji wa Wete maneno ya Morogoro.

Sasa kuna upande wa pili ambao wapenzi wa mwambao wanaupenda sana, nao ni kuandika matamshi. Kimvita kina mato kwa macho, ndoo kwa njoo, ndia kwa njia, nde kwa nje, na teka kwa cheka. Mtu akipewa kazi ya Mombasa anaona hapo ndo pa kuonyesha ujuzi, anaandika mpeleke hospitali mtoto mato yakiingia ndani. Mi siafiki, na sio kwasababu ni kosa, ni Kiswahili cha zamani na cha heshima. Siafiki kwasababu msomaji wa Mombasa anayatamka hayo nyumbani lakini kuandika na kusoma amefundishwa kwa sanifu, akiyakuta kwenye karatasi ya hospitali anaona kama anaigizwa. Halafu teka kwa wengine wote ni kuteka maji au kuteka mtu, na ndoo ni ya kuchotea maji. Na Kisauni au Changamwe wamejaa watu waliotoka bara, hao karatasi ni yao pia. Majina ya vitu nayafuata ya pale, matamshi nayaacha kwenye redio na kwenye mashairi ambako yanang'aa.

Hilo la waliotoka bara linaleta swali gumu kidogo, msomaji ni wa anapoishi au wa alikokulia? Mpemba aliyehamia Dar bado anasema tungule. Mimi nafuata anapoishi, kwasababu maneno ya ofisi, ya zahanati na ya sokoni atakutana nayo hapo anapoishi, na muuza genge wa Dar hamuuzii tungule, anamuuzia nyanya. Isipokuwa kazi yenyewe imelenga watu wa asili moja, mfano tangazo la chama cha Wapemba, hapo waandikie kwao.

Kujua kama umepatia usiulize umeelewa, maana jibu ni ndio, hakuna mtu anayekubali mbele ya mgeni kwamba Kiswahili kimemshinda. Mpe asome kwa sauti, halafu muulize utaweka nini kwenye sufuria, utaenda kumwona nani. Wakati anasoma msikilize mdomo. Akikuta nyanya akatamka tungule bila kusita, ameelewa, neno ni geni kwake lakini halimzuii, badilisha kama bajeti ipo. Akisimama akauliza viazi gani, hapo umemchanganya, badilisha tu. Wa hatari ni yule anayesoma harakaharaka bila kusita halafu kwenye sufuria anaweka njugu mawe, huyo humkamati kwa kumsikiliza anavyosoma, utamkamata kwa lile swali la pili tu. Watu watano sita wa kila fungu wanatosha kuyatoa mengi ya haya, ila wawe wanaopika, sio walimu wa Kiswahili, mwalimu atakusahihishia sarufi akuachie karanga zako zilivyo.

Na mara nyingi bajeti haipo, mwenye mradi anasema chapa moja tu kwa Tanzania nzima, bara na visiwani. Hapo watu wanaweka maneno mawili na au katikati, ongeza karanga au njugu, mbatata au viazi. Hiyo au ni mtego, msomaji anaisoma kama ruhusa ya kuchagua, na mama wa Kongwa anachagua njugu mawe kwa baraka za kipeperushi chenyewe. Tumia yaani. Ongeza kijiko kimoja cha karanga, yaani njugu nyasa, zilizosagwa. Viazi mviringo, yaani mbatata. Mara ya kwanza tu, zikitajwa tena baki na moja. Kwa sheha andika mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na kwa Zanzibar sheha, hapo hamna ujanja wa kufupisha. Na kama kuna nafasi ya picha moja tu kwenye ukurasa mzima, usiiweke kwenye kiazi, iweke kwenye karanga, na zionekane zikiwa na maganda yake.